Akaunti Moja, Watumishi Wanne

"Kuanzia Jumatatu, akaunti ya 'zahanati' itafungwa. Kila mtumishi ataingia kwenye kompyuta kwa jina lake na nywila yake mwenyewe. Asimwazime mwenzake, hata kwa dakika moja."

Tangazo kama hili, limebandikwa juu ya kompyuta ya mapokezi na kusainiwa na mganga mfawidhi, huweza kuwaudhi watumishi wakadhani hawaaminiwi. Foleni ni ndefu, kompyuta ni moja, na kuingia upya kila mara kunachosha. Lakini tuchukue mfano wa mtoto mwenye kilo 12 aliyekutwa na malaria.

Dozi ya dawa mseto ya ALu hufuata uzito. Mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 hupewa kidonge kimoja mara mbili kwa siku, kwa siku 3, yaani vidonge 6. Akifika kilo 15 lakini hajafika 25, ni viwili viwili, jumla 12. Sasa kwenye kompyuta uzito wa mtoto wetu unasomeka 21, na dirisha la dawa limetoa vidonge 12. Jioni mama anarudi na kadi ya kliniki mkononi: kilo 12.

Mfumo huhifadhi kila badiliko: akaunti iliyoandika, saa, na kilichoandikwa. Mfawidhi anafungua kumbukumbu hizo na kukuta "zahanati", saa 4 na dakika 42 asubuhi. Asubuhi hiyo akaunti hiyo ilitumiwa na watu wanne. Amuulize nani? Huenda tarakimu ziligeuzwa tu. Au faili lililokuwa wazi lilikuwa la mtoto mwingine, na mahali fulani kuna mtoto wa kilo 21 aliyepewa nusu ya dozi, ambaye malaria yake huenda isipone. Huyo anatakiwa kutafutwa leo hii. Jina la mwandishi lingeonyesha njia. Bila hilo, mafaili yote ya asubuhi yanapekuliwa moja moja.

Hata hivyo, akaunti ya kila mtu haisaidii ikiachwa wazi. Muuguzi akienda kuchoma sindano bila kufunga skrini, tabibu akakaa na kuandika, kumbukumbu sasa zinamtaja asiyehusika, na hilo ni baya kuliko kutomtaja mtu. Dalili yake ni maandishi yenye jina la mtumishi ambaye siku hiyo hakuwa zamu. Kwenye kompyuta nyingi za zahanati, kubonyeza Windows na L kwa pamoja hufunga skrini papo hapo.

Anayehama kituo, akaunti yake izimwe siku hiyohiyo, ila isifutwe, ili aliyoyaandika yaendelee kubeba jina lake. Na wewe uliyesahau nywila, mwambie mfawidhi akuwekee mpya. Usiombe ya jirani.