Kodi Nne na Mizani Kumi na Sita: Kumfundisha Mwanagenzi Ukulele na Utunzi wa Mashairi ya Kuimbwa

Utangulizi

Makala hii inafafanua namna mwanagenzi anavyoweza kufundishwa kucharaza kodi nne za ukulele na kutunga maneno yanayooana nazo. Neno kodi linatumika hapa kwa maana ya noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja. Ukulele ni ala ndogo ya nyuzi nne iliyozaliwa visiwani Hawaii kutokana na kigitaa kilicholetwa na wahamiaji wa Kireno kutoka Madeira mnamo mwaka 1879. Mfano wetu ni mwanagenzi wa Ikutha, kusini mwa Kitui, ambaye lugha yake ya kwanza ni Kikamba na ambaye amejifunza shuleni kwamba mshororo wa shairi una mizani kumi na sita. Hoja kuu ni kwamba ala humfunulia jambo ambalo hesabu ya mizani peke yake haimwonyeshi, yaani mahali pa mkazo.

Kodi nne na mkono wa kushoto

Mpigaji anapoishika ala, uzi ulio karibu na kidevu chake huitwa wa nne, na ulio karibu na goti huitwa wa kwanza. Kuanzia wa nne, nyuzi hulinganishwa kwa noti za G, C, E na A. Nyuzi mpya za nailoni hutanuka na kushuka sauti kwa siku kadhaa, hivyo mwanagenzi azilinganishe tena kila anapoketi kupiga.

Kodi zinazofaa kuanzia ni C, Am, F na G7, kwa mfuatano huohuo. Kwa C, kidole cha pete hubana uzi wa kwanza kwenye chuma cha tatu cha shingo. Kwa Am, kidole hicho huinuliwa, na kidole cha kati hubana uzi wa nne kwenye chuma cha pili. Kwa F, kidole cha kati hubaki palepale, na cha shahada huongezwa kwenye uzi wa pili, chuma cha kwanza. Kwa G7, kidole cha shahada ndicho kinachobaki. Cha kati huhamia uzi wa tatu, chuma cha pili, na cha pete hubana uzi wa kwanza, chuma cha pili. Ili kurudi C, kidole cha pete huteleza hadi chuma cha tatu na vingine huinuliwa. Isipokuwa kutoka C kwenda Am, katika kila hatua kuna kidole kisichouacha uzi wake, na hicho ndicho kinachowaongoza wengine.

Kidole hubana nyuma kidogo ya chuma, si juu yake. Uzi ukikwaruza, kidole kiko mbali na chuma au hakijabana vya kutosha. Uzi usipotoa sauti kabisa, aghalabu kidole cha jirani kimelala juu yake. Njia ya kubaini kosa ni kuudonoa kila uzi peke yake.

Mkono wa kulia

Ukucha wa kidole cha shahada hucharaza nyuzi zote kwenda chini, mara nne kwa kila kodi, kwa mwendo wa pigo moja kwa sekunde. Pigo la kwanza na la tatu ni mazito. La pili na la nne ni mepesi. Kosa la kawaida ni mkono wa kulia kusimama ukiusubiri wa kushoto ubadilishe kodi. Dawa yake ni kupunguza mwendo. Hata kodi ikichelewa, pigo lisichelewe.

Mshororo juu ya kodi

Mapigo manne kwa kodi nne ni mapigo kumi na sita. Mshororo wa shairi la mizani nane kwa nane nao una mizani kumi na sita. Basi kila mizani hupata pigo lake. Ukwapi huchukua C na Am, na utao huchukua F na G7. Tuchukulie kwamba mwanagenzi ameandika hivi:

Kiangazi kimefika, mto wabaki mchanga.

Kwa kanuni za arudhi kama zilivyoelezwa na Kaluta Amri Abedi katika *Sheria za Kutunga Mashairi* (1954), mshororo huu hauna kosa la mizani. Hata hivyo, ukiimbwa juu ya ukulele, unachechemea kwenye utao. Sababu ni kwamba mkazo wa neno la Kiswahili kwa kawaida huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Katika *kiangazi* mkazo uko kwenye *nga*, ambayo ni mizani ya tatu na huangukia pigo zito. Katika *kimefika* uko kwenye *fi*, mizani ya saba, nayo ni nzito vilevile. Lakini katika *wabaki* mkazo uko kwenye *ba*, mizani ya nne ya utao, penye pigo jepesi, huku *wa* isiyo na mkazo ikipata pigo zito. Msikilizaji husikia neno geni. Jambo hili si dogo: tofauti ya *barabara* ya kupitia magari na *barabara* yenye maana ya sawasawa ni mkazo tu.

Mwanagenzi anabadilisha utao:

Kiangazi kimefika, mto sasa ni mchanga.

Sasa ugawaji uko hivi:

C: ki – a – nga – zi
Am: ki – me – fi – ka
F: m – to – sa – sa
G7: ni – m – cha – nga

Kanuni inayojitokeza ni nyepesi: silabi yenye mkazo iwe mizani ya kwanza, ya tatu, ya tano au ya saba ya kipande chake. Maneno ya silabi mbili au nne hutii kanuni hii yakianzia mizani witiri. Neno la silabi tatu lianzie mizani shufwa; ndiyo maana *mchanga* limetanguliwa na *ni*. Izingatiwe pia kwamba *m* ya *mto* ni silabi kamili, tena yenye mkazo, hivyo iimbwe kwa pigo lake na isimezwe. Kwa mwimbaji aliyezoea Kikamba, ambamo urefu wa irabu hutofautisha maana, ni muhimu kukumbuka kwamba katika Kiswahili irabu mbili zinazofuatana, kama katika *saa*, ni mizani mbili.

Kwa njia hiyo ubeti mzima unakamilika:

Kiangazi kimefika, mto sasa ni mchanga,
Mama kata ameshika, punda nyuma wajipanga,
Maji haba yakitoka, dumu bado linaringa,
Ewe wingu la baraka, lini kwetu utatanga?

Kabla ya kushika ala, ubeti usomwe kwa sauti huku makofi yakipigwa kwenye mizani witiri pekee. Kofi likiangukia silabi isiyo na mkazo ilhali yenye mkazo iko jirani yake, hapo ndipo pa kurekebisha.

Hitimisho

Kanuni hii ina mipaka. Shairi linaloghanwa bila mapigo ya kudumu haliihitaji, kwa kuwa mghani huvuta au kufupisha silabi apendavyo. Mtunzi anaweza pia kukiuka mkazo kwa makusudi, au kuanza silabi moja kabla ya pigo la kwanza. Lakini mwanagenzi anayecharaza kwa mapigo manne hana uhuru huo bado. Kwake mizani zihesabiwe kwanza, kisha zipimwe uzito.