Kola, ndimu au maji? Pima mkojo kwanza

Kama umewahi kuwa Garissa mwezi wa Machi unajua hiyo stori. Saa nane mchana joto limepita nyuzi 36, pikipiki zimepangwa chini ya kivuli karibu na Suuq Mugdi, na karibu kila dereva ana jaba shavuni na chupa ya kola baridi mkononi. Maji yapo, lakini ni ya moto na mara nyingi yana ladha ya chumvi. Soda ni tamu na inatoka kwa friji. Nani atakulaumu?

Shida ni kwamba mwili wako haupigi hesabu ya ulichokunywa. Unapiga hesabu ya kilichobaki baada ya jasho. Figo ndizo hupewa masalio, na masalio yakiwa machache mkojo unakuwa mzito, madini ndani yake yanakaribiana, yanashikana na kuanza kugeuka mawe. Mengi ya mawe hayo ni ya kalsiamu iliyoungana na oksaleti, kitu kinachotoka kwenye vyakula vya mimea na pia hutengenezwa na mwili wenyewe. Wala hayahitaji miaka mingi. Madaktari waliofuatilia wanajeshi wa Marekani waliopelekwa Kuwait na Iraki waliripoti mwaka 2005 kwamba waliopata mawe walianza kuumwa baada ya siku 93 hivi kwa wastani. Hiyo ni miezi mitatu tu ya jangwa.

Sasa tupige hesabu ya dereva wa bodaboda anayepeleka abiria ng'ambo ya daraja la Tana hadi Madogo na kurudi, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi jioni. Asubuhi amekunywa vikombe viwili vya shaah, tuseme nusu lita. Mchana kola ya nusu lita, alasiri nyingine ya kusukuma jaba. Jioni maji lita moja. Jumla lita 2.5, na ukimuuliza atakuambia, "Mimi nakunywa sana, bro." Chakula kinamwongezea maji kama lita 0.7, kwa hivyo ameingiza lita 3.2. Lakini jasho na pumzi kwenye jua lile vinaweza kuchukua lita 2.3 bila yeye kugundua, kwa sababu upepo wa pikipiki unakausha jasho kabla halijatiririka. Kinachobaki kwa mkojo ni mililita 900.

Hiyo ni kidogo mno. Wataalamu wa figo humtaka mtu aliyewahi kupata jiwe akojoe angalau lita 2.5 kwa siku. Ona vizuri: akojoe, si anywe. Ule ushauri wa glasi nane kwa siku huenda ukamfaa mtu wa ofisini kule Limuru, lakini Garissa haukufikishi popote. Dereva wetu anahitaji lita 1.6 zaidi, yaani anywe zaidi ya lita nne siku ya kazi.

Ushahidi kwamba maji yenyewe yanafanya kazi upo, na ni wa kueleweka. Huko Parma, Italia, watu 199 waliopata jiwe kwa mara ya kwanza waligawanywa makundi mawili. Kundi moja liliambiwa linywe maji mpaka mkojo ufike lita mbili kwa siku, lingine likaachwa liendelee kama kawaida. Baada ya miaka mitano, matokeo yakichapishwa 1996, watu 12 kati ya 99 wa kundi la maji walikuwa wamepata jiwe tena. Kwenye kundi lile lingine walikuwa 27 kati ya 100. Hakuna dawa iliyotumika. Ni maji tu.

Na kola je? Mwaka 1992 watafiti Marekani walichapisha matokeo ya wanaume zaidi ya 1,000 waliokuwa na mawe na waliopenda soda. Nusu waliambiwa waache. Waliofaidika kwa kuacha ni wale ambao soda yao kuu ilikuwa na asidi ya fosforasi, ile inayotiwa kwenye kola. Lakini usikimbilie ile soda nyeupe ya limau ukidhani umeponea. Utafiti mkubwa zaidi wa 2013, uliofuatilia watu zaidi ya 190,000, ulikuta kwamba waliokunywa kola yenye sukari kila siku walikuwa na hatari ya juu kwa asilimia 23 kuliko wasioigusa sana, na wa soda nyingine zenye sukari asilimia 33. Sukari inaonekana kuwa mshukiwa mkuu, kwa sababu inaongeza kalsiamu inayotoka kwenye mkojo. Kwa hivyo chunga pia sukari unayomwaga kwenye shaah. Chai yenyewe haina ubaya, na maziwa usiyaache.

Utasikia pia kwamba kola ikinywewa kwa wingi huyeyusha jiwe. Hapana. Soda haifiki kwenye figo ikiwa soda. Mwili unaisawazisha njiani, na jiwe la kalsiamu na oksaleti haliyeyuki kwenye mkojo.

Ndimu iko na kesi nzuri zaidi. Ndani yake kuna sitreti, ambayo hushika kalsiamu kabla oksaleti haijaifikia. Mwaka 1996 wagonjwa 12 wenye sitreti kidogo walipewa mililita 120 za maji ya limau, zikachanganywa na maji kufika lita mbili kwa siku, na sitreti kwenye mkojo wao ikapanda zaidi ya mara mbili. Hizo ni kama malimau matatu au manne, au ndimu ndogo tano sita. Lakini jaribio la Italia lililochapishwa 2022 lilipunguza shangwe. Waliokunywa maji ya limau walipata mawe 21 kati ya 100, wasiokunywa 32 kati ya 103, tofauti ambayo haikutosha kuthibitisha kitu. Kosa moja ni kwamba kufikia mwaka wa pili karibu nusu yao walikuwa wameacha, wengine kwa sababu ya tumbo kuwachoma. Maoni yangu: weka ndimu kama inakufanya unywe maji mengi, bila sukari, na sukutua mdomo baadaye maana inakula meno.

Rudi kwa dereva wetu. Nusu lita akiamka. Kisha chupa ya nusu lita kila baada ya saa mbili, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Shaah zake mbili zibaki, kola zitoke. Nusu lita jioni, na glasi akiamka usiku kukojoa, kwa kuwa mkojo wa usiku ndio mzito zaidi. Jumla lita 4.25. Mwezi wa Ramadhani hesabu hiyo inahamia kati ya futari na daku, kidogo kidogo. Usimeze lita mbili kwa mpigo. Figo haziwezi kutoa zaidi ya lita moja hivi kwa saa, na chumvi kwenye damu ikishuka ghafla ni hatari. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo zilizochoka amwone daktari kabla ya kujaribu haya.

Kujua kama umefika, tafuta jerikeni ya lita tano. Siku ya mapumziko haifai, chagua siku ya kazi. Mkojo wa kwanza asubuhi umwage chooni, kisha kila unaofuata uingie ndani mpaka ule wa kwanza wa kesho yake. Pima kwa chupa ya lita moja. Ukipata chini ya lita mbili, ongeza. Rangi husaidia katikati ya siku: iwe ya njano hafifu. Ila kama unameza tembe za vitamini, rangi itakudanganya.

Maumivu ya ubavuni yanayoshuka hadi kinenani yakija na homa, au mkojo ukikatika kabisa, ni hospitali siku hiyo hiyo, si ndimu. Na kama jiwe linatoka lenyewe, kojolea kwenye kitambaa chepesi, likipatikana lifunge kwa karatasi ulipeleke kwa daktari. Kuna mawe ya asidi ya yuriki ambayo, tofauti na haya mengine, dawa huweza kuyayeyusha, na maabara ndiyo itakuambia lako ni lipi.