Taibreki Bila Ugomvi: Nani Asevu, Lini Mvuke Wavu

Kama wewe na mwenzi wako mmeshaanza ule utaratibu mzuri wa kucheza tenisi jioni za wikiendi, wawili kwa wawili na wanandoa wenzenu, basi kuna dakika moja naijua vizuri. Gemu zimefika 6-6, jua linazama, kila mtu kachoka. Mmoja anasema, "Zamu yangu kusevu." Mwingine anadakia, "Hapana, ulisevu juzi juzi tu." Wa tatu anataka mhame upande, wa nne hataki. Mimi na mume wangu tumecheza na watu wapole kabisa, lakini ikifika hapo, mh! Mnarudi nyumbani kila mmoja anaangalia dirisha lake la gari.

Dawa yake si kukariri kanuni kama shairi la shuleni. Ukishaelewa taibreki inataka nini, mengine yanajipanga yenyewe. Inataka haki. Anayesevu ana nafuu, na anayetazamana na jua ana taabu. Kwa hiyo nafuu na taabu lazima zigawanywe sawa.

Moja, halafu mbili mbili

Taibreki inachezwa seti ikiwa 6-6. Hesabu ya 15, 30, 40 inawekwa kando. Sasa tunahesabu sifuri, 1, 2, 3 kama kawaida. Wa kwanza kufikisha 7 akiwa mbele kwa pointi mbili anashinda. Ikiwa 6-6 tena mnaendelea mpaka pengo la mbili lipatikane.

Anayeanza ni yule ambaye zamu yake ya kusevu ingefuata hata kama kusingekuwa na taibreki. Anasevu pointi moja tu. Kisha mpinzani anasevu mbili, halafu mbili, mbili, hadi mwisho.

Kwa nini wa kwanza apewe moja tu? Angalia: baada ya pointi 2, kila upande umesevu mara 1. Baada ya 4, kila upande mara 2. Kila jumla ya pointi ikiwa shufwa, mko sawa. Angeanza na mbili, angekuwa anatangulia kwa nafuu ile muda wote, na mwenzake anamfukuzia.

Usimame wapi? Jumlisha pointi zenu zote. Jumla ikiwa shufwa, sevu ukiwa kulia. Ikiwa witiri, kushoto. Matokeo ni 3-2? Jumla 5, simama kushoto. Hesabu hiyo haidanganyi.

Pale wengi wanapochanganyikiwa

Kuvuka wavu kunafanyika kila baada ya pointi 6: yaani jumla ikiwa 6, 12, 18 na kuendelea. Iwe 3-3, 4-2 au 6-0, mnavuka, bila kukaa kupumzika kama mnavyofanya kati ya gemu.

Tatizo ni kwamba pointi ya 6 inaangukia katikati ya zamu ya mtu. Kasevu moja, bado ana moja, mara anaambiwa avuke. Hapo ndo wengi wanadhani zamu imeisha na mpira wanampa mwingine. Hapana. Anavuka na mpira wake, anasevu ya pili akiwa upande mpya.

Na hiyo 6 haikuchaguliwa kwa bahati nasibu. Katika pointi 6 za mwanzo, upande ulioanza umesevu ya 1, 4 na 5. Wapinzani wamesevu ya 2, 3 na 6. Tatu kwa tatu, jua lile lile, upepo ule ule. Ndipo mnabadilishana.

Haya, tucheze moja pamoja

Wewe na mwenzi wako mnacheza na jirani na mkewe. Mke wa jirani ndiye kasevu gemu ya 12. Zamu inayofuata ni yako, basi taibreki unaanza wewe.

Unasevu kulia, mnapata: 1-0. Jirani anasevu mbili, kwanza kushoto halafu kulia, anazichukua zote: 1-2. Mwenzi wako naye anasevu mbili, mnazipata: 3-2. Anakuja mke wa jirani, anasevu kushoto, anashinda: 3-3. Jumla 6, mnavuka wavu. Yeye yule anasevu tena, sasa kulia: 3-4.

Zamu imerudi kwako. Unasevu mbili, mnazipata: 5-4. Jirani anapata ya kwanza, ya pili anaipoteza kwenye sevu yake mwenyewe: 6-5. Sasa mwenzi wako akishinda hii, mambo yameisha. Anaipeleka kwenye wavu. (Usimwangalie vibaya!) Ni 6-6, jumla 12, mnavuka tena, na ni yeye huyo huyo anayesevu inayofuata. Anashinda: 7-6. Mke wa jirani anasevu, mnamjibu vizuri, 8-6. Seti ni yenu, 7-6.

Mnaona zamu zilivyozunguka? Wewe, jirani, mwenzi wako, mke wa jirani, halafu wewe tena. Ni mpangilio ule ule wa seti nzima. Na wapokeaji hawabadilishi nafasi: aliyekuwa akipokea kulia anabaki kulia.

Mkikosea je? Pointi zilizochezwa hazifutwi. Mmesahau kuvuka, mnavuka pale pale mnapogundua. Mtu kasevu nje ya zamu: kama pointi zilizokwisha ni shufwa, rekebisheni mara moja, kama ni witiri, endeleeni na mpangilio ulivyobadilika.

Deni la seti inayofuata

Taibreki inahesabiwa kama gemu moja, kwa hiyo seti ina gemu 13, ambayo ni witiri, mnabadilishana upande. Na walioanza kusevu taibreki wanaanza seti mpya wakipokea. Katika mfano wetu, jirani au mkewe ndiye atakayefungua.

Hilo si jambo dogo. Kwenye fainali ya Wimbledon mwaka 1980, John McEnroe alianza kusevu taibreki ya seti ya nne dhidi ya Björn Borg. Ilikwenda pointi 34, wakavuka wavu mara 5, McEnroe akashinda 18-16. Lakini kwa sababu yeye ndiye alianza, seti ya tano ilifunguliwa na sevu ya Borg. Wakati ule pale Wimbledon seti ya mwisho haikuwa na taibreki. Kila gemu McEnroe alisevu akiwa amebanwa kufuatilia, hadi Borg alipomvunja na kuchukua kombe kwa 8-6.

Siku hizi ingekuwa tofauti. Tangu 2022 mashindano makubwa manne yanatumia taibreki ya pointi 10 seti ya mwisho ikifika 6-6. Pengo ni lile lile la mbili, zamu ni zile zile, na wavu unavukwa kila pointi 6.

Kwa hiyo wikiendi hii, kabla ya pointi ya kwanza, semeni kwa sauti nani kasevu gemu ya 12. Halafu kila anayesevu ataje matokeo, yake kwanza, kabla ya kurusha mpira. Jumla ikiwa sita, miguu yenyewe itajua pa kwenda.