Jenereta Kubwa, Mzigo Mdogo

Mwenye duka akienda kununua jenereta, ushauri anaopewa na karibu kila mtu ni uleule: chukua kubwa, usije ukajuta. Kwa jenereta ya dizeli ushauri huo humgharimu mara mbili, kwanza kwenye mafuta, halafu kwenye injini yenyewe.

Tuchukue duka la vinywaji na nyama ya kugandishwa, la aina utakayoikuta mitaa mingi ya Dar es Salaam. Ndani mna friji mbili za mlango wa kioo, kila moja wati 350, na friza mbili za wati 200 kila moja. Taa zote pamoja ni wati 150, feni tatu ni wati 180, na runinga, kompyuta, mashine ya risiti na chaja za simu tuvipe wati 200. Vyote vikiwaka kwa wakati mmoja unapata wati 1,630, yaani kilowati 1.6 hivi. Sasa tuseme mgao wa mwishoni mwa 2023 ulimchosha mwenyewe, akanunua jenereta ya mtumba ya kVA 20. Kwa kawaida kVA huzidishwa kwa 0.8 ili kupata kilowati, kwa hiyo mashine hiyo ina uwezo wa kilowati 16. Duka lake linatumia sehemu moja tu ya kumi.

Wengi hudhani kwamba mzigo ukiwa sehemu ya kumi, mafuta nayo yatakuwa sehemu ya kumi. Sivyo. Ili umeme utoke kwenye masafa ya hezi 50, injini ya jenereta ya ukubwa huo hulazimika kuzunguka mara 1,500 kwa dakika, iwe imebeba friji nne au taa moja. Kuna msuguano wa pistoni na beringi, kuna feni ya rejeta, kuna pampu ya maji na ya oili, na vyote hivyo vinakula dizeli kabla duka halijapata hata wati moja. Mashine ya kilowati 16 huweza kutumia karibu lita moja kwa saa bila mzigo wowote. Ukiipa kilowati 1.6, itakunywa kama lita 1.4. Jenereta ndogo ya dizeli ya kVA 5, yenye uwezo wa kilowati 4, itabeba mzigo huohuo kwa takriban lita 0.8. Tofauti ni lita 0.6 kwa saa. Umeme ukikatika saa tano kwa siku, hizo ni lita tatu zinazoteketea kila siku kuzungusha chuma tu.

Hasara ya injini ni mbaya zaidi kwa sababu haionekani mapema. Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche kama ya petroli. Mafuta huwaka kwa sababu hewa iliyogandamizwa ndani ya silinda imepata joto kali. Mzigo ukiwa mdogo sana, mafuta yanayopulizwa ni kidogo, silinda haichemki vya kutosha, na sehemu ya dizeli hupita bila kuungua. Ringi za pistoni nazo hutegemea shinikizo la gesi ziweze kukaza kwenye ukuta wa silinda. Shinikizo likipungua, ringi hulegea, oili hupanda juu na dizeli mbichi hushuka kwenye oili. Masizi hujaa kwenye nozeli, kwenye vali na katika mifereji ya ringi, hadi ringi zikwame. Mafuta hayo yote, mabichi na yaliyoungua nusu, hutoka kupitia ekzosi.

Hapo ndipo dalili inapopatikana. Injini ikishapoa, pitisha kidole kwenye kiungio cha bomba la ekzosi. Ekzosi yenye afya ina masizi makavu yanayofutika kama vumbi. Ya mashine inayotembea bila mzigo hutoa uteute mweusi, mzito, wenye harufu ya dizeli, na mara nyingine hutiririka kwenye ubavu wa injini. Mwenye duka huona mchirizi huo akadhani ni gasketi inayovuja. Fundi asiye makini hubadilisha gasketi, na baada ya wiki chache mchirizi unarudi. Angalia pia moshi mweupe au wa kijivu usiokoma hata injini ikishapata moto, na kijiti cha oili kinachoonyesha kwamba kiwango kimepanda badala ya kushuka.

Mpaka unaotajwa sana ni asilimia 30 ya uwezo ulioandikwa kwenye kibao. Kiwango cha Marekani cha NFPA 110, kinachohusu mitambo ya dharura, kinataka jenereta ya dizeli ijaribiwe kila mwezi kwa dakika 30 ikiwa na mzigo usiopungua hapo, au ifikie joto la ekzosi ambalo mtengenezaji ameliweka. Mzigo ukishuka chini ya hapo kwa muda mfupi hauui injini. Kinachoiua ni kuishi huko siku nenda siku rudi.

Je, duka letu linahitaji ukubwa gani? Hesabu ya wati 1,630 haitoshi peke yake, kwa sababu kompresa ya friji huvuta umeme mwingi sana kwa nukta chache inapoanza. Kwa kukadiria, ipe mara tano ya wati zake. Friji kubwa ya wati 350 itavuta kama 1,750. Vitu vingine vinatumia 1,280 tayari, kwa hiyo kilele ni wati 3,030. Kilowati 4 zinatosha na akiba inabaki, mradi kompresa mbili zisianze pamoja. Zikianza zote nne, kilele kinapita wati 6,000 na jenereta itazimika au kushusha umeme mpaka mota ziungue. Kwa hiyo umeme ukikatika, chomoa friji zote, washa jenereta, iache ipate moto, kisha chomeka moja baada ya nyingine. Kati ya kukatika kwa umeme na kuiwasha friji upya zipite dakika tano, ili gesi ndani ya kompresa itulie. Ni utaratibu wa dakika chache, nao ndio unaomwezesha mtu kununua kVA 5 badala ya 10.

Jenereta ndogo ina udhaifu wake. Nyingi hupozwa kwa hewa, huzunguka mara 3,000 kwa dakika, hupiga kelele na huchakaa mapema kuliko ile nzito ya 1,500. Na aliye Mbeya au Iringa aongeze akiba, kwa kuwa hewa ya milimani ni nyepesi na injini isiyo na turbo hupoteza zaidi ya asilimia 10 ya nguvu. Hata hivyo, kwa duka hili ningechagua ndogo bila kusita.

Aliyekwisha kununua kubwa bado ana njia. Fundi mwenye kifaa cha kupandishia mzigo anaweza kuifikisha taratibu kwenye asilimia 75 kwa saa kadhaa, moshi ukizidi mwanzoni kisha kupungua, mpaka ekzosi ikauke. Ifanyike pakiwa na mtu wa kuangalia na kizima moto karibu, maana mafuta yaliyojaa bombani yanaweza kushika moto. Kama kuta za silinda zimeshakuwa laini kama kioo, zoezi hilo halitasaidia, injini itafunguliwa. Ikishasafishwa, usiiache ikawaka mchana kutwa. Friza iliyojaa, ikiwa haifunguliwi, hubaki na barafu karibu saa 48 bila umeme, friji ya kawaida kama saa nne. Washa saa mbili asubuhi na mbili jioni, kompresa zote zikivuta, na katikati taa na mashine ya risiti zitumie betri na inveta inayochajiwa na jenereta hiyohiyo, ili mzigo wake nao uongezeke.