Barua ya Oktoba baada ya miezi mitatu ya kimya

Mhasibu anayelipwa ada ya kila mwezi huogopa zaidi robo mwaka isiyo na tukio. Msimu wa hesabu za mwaka ukipamba moto, mteja anamwona: simu usiku, makaratasi mezani, foleni ya kupata saini. Kwa kampuni inayofunga mwaka wake Desemba, ritani ya mwisho ya kodi ya mapato hutakiwa TRA kufikia 30 Juni. Baada ya hapo huja Julai, Agosti na Septemba, na shughuli hupoa. Ankara ya ada hufika kama kawaida. Mwenye duka huitazama na kujiuliza analipia nini hasa.

Tuchukue mfano wa kampuni ndogo ya vifaa vya ujenzi mjini Morogoro, inayomlipa mhasibu wake wa Dar es Salaam shilingi 600,000 kwa mwezi kabla ya VAT. Mkataba wao unakwisha 31 Oktoba. Mwanzoni mwa mwezi huo mhasibu anakaa kuandika barua ya kuomba uendelee, huku akijua kwamba Mzee mwenye kampuni amekwisha kumuuliza kwenye simu, kwa upole lakini bila kuzunguka: "Mwanangu, miezi hii mitatu kulikuwa na kazi gani?"

Ripoti alizokuwa akituma zilijibu swali hilo vibaya. Kila mwezi zilikuwa kurasa tatu zenye orodha: kodi ya mishahara imelipwa kabla ya tarehe 7, ritani ya VAT imewasilishwa kabla ya tarehe 20, ripoti za Z za mashine ya EFD zimelinganishwa na daftari la mauzo, na kadhalika. Ya Agosti ilifanana na ya Julai. Msomaji asiye mhasibu huacha kuzisoma mwezi wa pili, wala hana kosa. Mbaya zaidi, katika ripoti ya Septemba, mstari wa kumi na nne, kulikuwa na maneno haya tu: "Makadirio ya kodi yamerekebishwa." Kazi kubwa kuliko zote za robo hiyo ilikuwa imefichwa hapo.

Kazi yenyewe ni hii. Mwezi Machi kampuni ilikadiria kwamba ingepata faida ya milioni 120 kwa mwaka. Kodi ya kampuni ni asilimia 30, kwa hiyo milioni 36, inayolipwa kwa awamu nne: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba, milioni 9 kila mara. Awamu mbili zikalipwa. Kisha mkandarasi aliyekuwa mteja mkubwa akasimamisha ujenzi, mauzo yakashuka. Mhasibu alipopiga hesabu upya kabla ya awamu ya Septemba, faida ya mwaka ilionekana kuelekea milioni 90, yaani kodi ya milioni 27. Milioni 18 zilikuwa zimeshalipwa, zikabaki 9 za kugawa mara mbili. Septemba kampuni ikalipa milioni 4.5 badala ya 9.

Biashara ilipokuwa imelala, hizo milioni 4.5 zilibaki kununulia saruji na nondo. Hata hivyo mhasibu mwenye akili haandiki kwamba amemwokolea mteja fedha. Kodi hiyo haikuwa ikidaiwa. Kama ingelipwa, ingekaa serikalini hadi ifidiwe kwenye kodi nyingine au iombewe marejesho, jambo lenye uhakiki na subira. Tena kushusha makadirio kuna hatari yake. Kodi halisi ya mwaka ikija kubwa kiasi kwamba makadirio hayafiki asilimia 80 yake, mlipakodi hutozwa riba. Kwa makadirio ya milioni 27, mpaka huo ni kodi ya milioni 33.75, sawa na faida ya milioni 112.5. Mkandarasi akirudi Novemba na oda nono, hesabu lazima ifunguliwe tena kabla ya Desemba kwisha.

Hapo ndipo barua inapopata cha kusema. Barua zetu za kikazi zina mazoea ya kuanza na "Husika na kichwa cha habari hapo juu", kisha aya nzima ya kushukuru ushirikiano mzuri. Mzee ameuliza swali, basi aya ya kwanza ijibu swali. Mhasibu wetu aliandika hivi:

"YAH: MKATABA WA HUDUMA ZA UHASIBU NA KODI KUANZIA 1 NOVEMBA

Shikamoo Mzee. Ni kweli robo ya Julai hadi Septemba ilikuwa na shughuli chache. Ritani zilikwenda kwa wakati na hakuna barua ya madai iliyotoka TRA. Jambo moja lilihitaji uamuzi: tulishusha makadirio ya kodi, ukalipa milioni 4.5 Septemba badala ya 9. Ripoti yangu haikukuonyesha hilo ipasavyo, na ndiyo sababu napendekeza tuibadilishe."

Ripoti mpya anayoipendekeza ni ukurasa mmoja, unaotumwa tarehe 25, baada ya VAT kuwasilishwa. Juu kabisa ni faida ya mwaka inavyoelekea, ikiwekwa kando ya makadirio, na umbali uliobaki hadi mpaka wa riba. Chini yake ni malipo ya kodi ya siku 60 zijazo, tarehe na kiasi, ili Mzee asishtukizwe. Mwisho ni vitu anavyodaiwa yeye: risiti za EFD za manunuzi ambazo hazijaletwa, kwa mfano, kwa kuwa bila hizo VAT aliyolipa kwa wauzaji haiwezi kudaiwa. Orodha ya kazi za kawaida inakuwa kiambatisho. Kila robo, wiki mbili kabla ya awamu kulipwa, wanakaa ana kwa ana kuamua kama makadirio yanasimama.

Kuhusu bei, wengi hukimbilia kutoa punguzo. Mimi naliona ni kosa, kwa sababu ukikata bei na kuacha kazi ileile unakiri kwamba ulikuwa ukitoza zaidi. Mhasibu wetu aliweka njia mbili. Ya kwanza ni 600,000 ileile, pamoja na kikao cha robo na kujibu barua za TRA. Ya pili ni 420,000 kwa ritani na malipo ya kila mwezi tu. Makadirio na barua za TRA vinalipiwa kila vinapotokea. Muda ni miezi sita, hadi mwisho wa Aprili, ili makadirio mapya ya Machi yawe ndani yake. Akaandika pia fedha inayotoka mfukoni: 600,000 na VAT ya asilimia 18 ni 708,000, kampuni inazuia kodi ya asilimia 5 ya ada, yaani 30,000, inaipeleka TRA, na kumlipa mhasibu 678,000. Pasipo mstari huo, mwezi wa kwanza huishia kwenye ubishi wa kiasi gani kinapungua.

Kipengele cha mwisho ni kile ambacho barua nyingi hukisahau. Mkataba unakwisha 31 Oktoba, lakini ritani ya VAT ya Oktoba inatakiwa 20 Novemba. Mhasibu aliandika kwamba Mzee akikataa, au asipojibu hadi 25 Oktoba, ritani hiyo ataiwasilisha yeye kwa ada ya Oktoba iliyokwisha kulipwa, kisha atakabidhi mafaili na kumwachia Mzee nywila za akaunti ya kodi azibadilishe mwenyewe.