Mtoto Anayeona Mchana, Usiku Anapapasa

Mtoto wa miaka mitatu anacheza vizuri mchana kutwa. Jua likizama, wenzake wanaendelea kukimbizana uani, yeye anatafuta ukuta na kukaa. Akiwekewa chakula, anapapasa sahani. Mama hudhani ni woga wa giza au usingizi. Lakini kama mtoto huyo anakula ugali wa mahindi meupe siku nenda rudi, na juzi tu katoka kuugua surua, kuna uwezekano mkubwa kwamba mwili wake umeishiwa vitamini A.

Kwenye retina, nyuma ya jicho, kuna seli za aina mbili zinazopokea mwanga. Koni, kama milioni 6, hutuonyesha rangi na vitu vidogo, ila zinataka mwanga mwingi. Fito, karibu milioni 100, hazitofautishi rangi. Kazi yake ni kuona gizani.

Kila ufito umejaa rodopsini, yaani protini iliyoshikana na retinali, molekuli inayotokana na vitamini A. Retinali hukaa imejikunja. Mwanga ukiipiga hunyooka, na hapo ndipo ishara ya kwenda ubongoni inapoanzia. Ikishanyooka hubanduka, hupelekwa kwenye tabaka la seli jirani, hukunjwa upya, kisha hurudishwa. Kazi hiyo ina muda wake: ukitoka juani ukaingia kwenye giza, fito huhitaji hadi nusu saa kuona vizuri kabisa. Retinali inayopotea njiani hufidiwa na akiba ya vitamini A iliyo kwenye ini.

Koni nazo hutumia retinali. Mbona basi giza ndilo linaloanza kusumbua? Jibu liko kwenye kiasi cha mwanga. Mchana mwanga ni tele, hivyo hata koni zenye upungufu hupata wa kuzitosha. Usiku mwanga unaoingia jichoni ni haba mno, na ufito lazima uwe umejaa rodopsini ili usikose hata kidogo kinachopita. Ini likikauka akiba, rodopsini hupungua, na mwanga hafifu hupita bila kunaswa. Ndipo mtoto anapoanza kupapasa.

Hali hii hutibika haraka. Mtoto aliyezidi mwaka mmoja hupewa yuniti 200,000 za vitamini A siku ya kwanza, kiasi hicho hicho siku ya pili, na tena baada ya wiki mbili. Kwa kawaida uwezo wa kuona gizani hurejea ndani ya siku moja au mbili. Usipobadilika, daktari hutafuta chanzo kingine, kwa mfano magonjwa ya retina ya kurithi, ambayo dozi hiyo haiyaponyi.

Mzazi, ukiona dalili hizi mpeleke mtoto kituo cha afya mapema, wala usimpimie dozi mwenyewe, kwani vitamini A ikizidi hudhuru. Upungufu ukiachwa, konea hukauka na kuoza, na upofu wa hatua hiyo hauna dawa.