Habari yako, na shida yako, kwa pamoja

Ile meseji ya "hiyo hela tuma kwenye namba hii" imetuharibia wengi biashara. Siku hizi simu ikiita mlio wa WhatsApp na namba ikawa ngeni, mtu anaifungua kwa mashaka, na ndani yake akikuta neno "Habari" peke yake, bila jina wala shida, mashaka yanazidi. Kwa mtu mnayefahamiana, salamu ya kwanza husubiri jibu ndipo mazungumzo yaendelee. Kwa mgeni, salamu inayosubiri jibu inafanana na mtego. Kwa hiyo msalimie, kisha jieleze papo hapo, katika ujumbe uleule.

Tuchukue mfano wa fundi cherehani wa Kibaha, tumwite Rehema, anayetaka kushona sare za shule binafsi ya jirani. Watu wengi wangeandika hivi: "TUNASHONA SARE, MAPAZIA, MASHUKA, SUTI, BEI POA!!! KARIBUNI WOTE", na chini yake picha kumi. Hilo "wote" ndilo linaloponza. Mwalimu mkuu anaona kwamba hakuandikiwa yeye, tena picha kumi zimemla bando. Na kama ujumbe ulipitishwa kutoka kundi lingine, WhatsApp huweka juu yake alama ya mshale inayouanika.

Kabla ya kuandika, Rehema apite getini mara moja watoto wanapotoka. Hapo ataona kitu ambacho hakimo kwenye tangazo lolote: watoto wa awali wamevaa kaptura za zipu na kifungo, na mtoto wa miaka minne akibanwa na haja hawezi kuvifungua mwenyewe. Sasa ana la kusema:

"Habari za mchana, Mwalimu. Naitwa Rehema, ni fundi cherehani hapa Maili Moja. Namba ya shule nimeiona kwenye bango la getini. Huwa nashona kaptura za awali za lastiki kiunoni, ili mtoto ajivue mwenyewe akienda chooni. Ninayo sampuli moja ya miaka minne. Je, naweza kuileta Alhamisi mchana uione, au nisubiri siku nyingine?"

Tazama alivyoanza na "Mwalimu". "Bosi" lingenuka uwinga, na "Mheshimiwa" ni la bungeni. "Shikamoo" ina hatari yake kwa mtu ambaye hujui umri wake, ingawa mkionana uso kwa uso mambo hubadilika. Kisha ametaja namba aliitoa wapi, maana hilo ndilo swali la kwanza la anayepokea ujumbe wa mgeni. Namba iliyochotwa kwenye kundi la wazazi ni jambo jingine kabisa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania, ya 2022, inampa mtu haki ya kukataa taarifa zake zisitumike kumtangazia biashara.

Hakusema kaptura za sasa ni mbaya. Huenda aliyezichagua ni huyo huyo Mwalimu, na huenda aliyezishona ni shemeji yake. Wala hakuomba oda. Aliomba dakika chache za kutazama nguo moja, jambo ambalo mtu anaweza kulijibu kwa "njoo" akiwa amesimama korido. Bei hakuitaja, na hapo najua wengine watabisha, lakini bei ya sare hutegemea kitambaa na idadi, na namba iliyotupwa mapema humfunga fundi mwenyewe.

Ujumbe wa sauti asitume: hausomeki kwa jicho moja, na kikaoni hausikilizwi. Kiungo cha mtandao nacho akiache, kwani kwa namba ngeni kinaonekana mtego. Picha ya wasifu iwe yake au ya kazi yake. Nembo ya Simba au Yanga haimtambulishi fundi. Mpokeaji wa ujumbe wa mgeni ana kitufe cha kuzuia na cha kuripoti, na akiripoti, kampuni hupelekewa ujumbe hadi mitano ya mwisho bila mtumaji kuarifiwa. Namba iliyoripotiwa na wengi inaweza kufungiwa, na wateja wa zamani wote wako kwenye namba hiyo.

Wakati nao una neno. Shule hufungua Januari, kwa hiyo Oktoba ndiyo ya kuandika, siku ya kazi baada ya chakula cha mchana. Desemba vitambaa vimeshakatwa.

Tiki za bluu zikitokea na jibu lisije, asiandike "mbona kimya". Asubiri kama wiki, kisha atume mara moja tu, na awe na jipya la kusema: "Mwalimu, nimemaliza na sketi ya saizi hiyohiyo, naweza kuziacha zote mbili kwa mlinzi." Akijibiwa "tuna fundi wetu", aseme asante na namba aitunze. Fundi wa watu huzidiwa na kazi Januari, na shule humkumbuka aliyeondoka kwa adabu.